Vinywaji vya kugonga glasi harusini, watu 160: "Extra Dry" imekuwa tamu, na je, chupa 24 zitatosha?

DadaWaBwanaHarusi
Wakuu habari za muda huu. Kaka yangu anaoa na mimi nimekabidhiwa kinywaji cha kugonga glasi. Vinywaji vya chakula na vya jioni vina mtu wake, msinichanganyie. Changu ni glasi moja kwa kila mgeni wakati wa kuwatakia maharusi heri, basi.

Wageni ni 160. Kati yao watoto 22, na kwa hesabu ya mimi na mama, watu wazima kama 60 hawagusi pombe kabisa. Nimepewa hela ya chupa 24, mchanganyiko wa mvinyo wa mapovu na kitu kisicho na kilevi.

Sasa juzi nikanunua chupa moja ya kuonja. Nilitaka isiyo na sukari sana kwa sababu bibi harusi hapendi vitu vitamu, nikachukua iliyoandikwa "Extra Dry". Nikajiambia kama "Dry" ni mkavu, basi hii ni mkavu kupindukia. Tumefungua nyumbani, mama kanywa funda moja akasema "mbona tamu hii?" Nami nikaonja, kweli ina utamu. Je, nimeuziwa feki? Na hizo 24 zinatosha? Naombeni msaada, siku hazigandi.

Mzee_wa_Kizibo
Dada, hujauziwa feki. Umekutana na mtego unaonasa watu kila siku. Nimemimina vinywaji kwenye kumbi miaka 17 na hadi leo naona watu wanarudisha chupa kwa sababu hiyo hiyo.

Kwenye mvinyo wa mapovu neno "Dry" halina maana unayoidhania. Majina hayo yalizoeleka karne ya 19, wakati shampeni nyingi zilikuwa tamu kama sharubati, kwa hiyo chupa iliyopunguziwa sukari kidogo tu ilionekana kavu kulinganisha na wenzake. Baadaye watu wakataka kavu zaidi, ikabidi litafutwe neno jingine, na neno hilo ndilo "Brut". Lile la zamani likabaki palepale kwenye lebo.

Kwa hiyo panga hivi kichwani mwako. "Brut" ina chini ya gramu 12 za sukari kwa lita. "Extra Dry" inaanzia 12 hadi 17, yaani ni tamu kuliko "Brut". "Dry" au "Sec" peke yake ni 17 hadi 32, na hapo utamu unausikia bila kuutafuta. "Demi-Sec" ni 32 hadi 50. Hayo ni maneno ya kisheria kwa mvinyo wa Ulaya, na watengenezaji wengi wa kwingineko wameyafuata. Bibi harusi wako anataka "Brut".

Kipepeo_88
Mzee umeongea vizuri ila ongeza hapo: Brut haina sukari kabisa. Na hizi za bei rahisi zote wanaficha ubovu kwa sukari. Dada, kama unataka heshima nunua shampeni halisi kutoka Champagne, usihangaike na hizo nyingine.

Mzee_wa_Kizibo
Kipepeo nusu umepata, nusu umeteleza. "Brut" inaweza kuwa na gramu 10 au 11 kwa lita na bado ni halali. Huisikii sana kwa sababu uchachu wa zabibu unaifunika. Isiyoongezwa sukari huandikwa "Brut Nature", na hiyo haifiki hata gramu 3. Kwa wageni 160 wa kila aina siishauri, wengi watakunja uso kama wamelamba ndimu.

Hilo la sukari kuficha ubovu lina ukweli. Sukari inasamehe mengi. Ila si kila cha bei nafuu ni kibovu. Bei ya shampeni imejengwa na mambo mawili: jina, na muda. Mapovu yake yanatengenezwa ndani ya chupa hiyo hiyo, na sheria inataka isiyo na mwaka kwenye lebo ikae angalau miezi 15 kabla ya kuuzwa. Cava ya Uhispania na Cap Classique ya Afrika Kusini zinatengenezwa kwa njia hiyo hiyo ila bei iko chini. Prosecco ya Italia mapovu yake mara nyingi yanapatikana kwenye tangi kubwa, kazi ya wiki kadhaa, ndiyo maana ni nafuu. Si kwamba ni mbovu, ni kinywaji tofauti, kina harufu ya matunda zaidi. Na Prosecco nyingi ni "Extra Dry". Nakisia chupa yako ilikuwa hiyo.

DadaWaBwanaHarusi
Ndiyo hiyo hiyo mzee! Umejuaje?

Baba_Pacha
Chupa 24 kwa watu 160 ni aibu. Harusi yetu watu walikuwa 120 na tulimaliza chupa 90, na saa nne usiku watu wakaanza kulalamika. Weka angalau chupa moja kwa watu wawili, dada. Wageni wakikosa kinywaji hawasahau hadi wanaingia kaburini.

DadaWaBwanaHarusi
Kaka asante, ila nimeandika juu kwamba ni glasi moja tu ya kugonga. Vya jioni vina mtu wake.

Baba_Pacha
Aah, nilisoma haraka. Basi huyo wa jioni mpe ujumbe wangu.

Mzee_wa_Kizibo
Tuje kwenye hesabu sasa. Chupa ya kawaida ni mililita 750. Kabla hujagawanya, amua unamimina kiasi gani, kwa sababu hapo ndipo chupa zinapopotelea, si kwenye idadi ya wageni.

Kwa kugonga glasi, mililita 100 zinatosha. Mtu anagonga, anapiga mafunda mawili matatu, anakaa. Kwa karatasi chupa inatoa glasi saba na nusu, ila weka saba, ile nusu inaondoka na povu na matone.

Watu wazima wako ni 138. Toa 60 wasiokunywa, wanabaki 78 wa mvinyo. Gawanya kwa saba unapata kumi na moja na kidogo, yaani chupa 12. Upande wa pili, 60 na watoto 22 ni 82, nao wanaingia kwenye chupa 12. Jumla 24. Kwa hiyo aliyekupa hela ya chupa 24 alipiga hesabu sawasawa, ila aliacha akiba ya glasi chache tu.

Sasa tazama mhudumu asiyeelekezwa atafanya nini. Atajaza glasi hadi mililita 150, kwa sababu anaona ndiyo ukarimu. Chupa itatoa glasi tano tu. Chupa 24 mara tano ni glasi 120, na wageni 40 watanyanyua mikono mitupu. Chupa ni zile zile, wageni ni wale wale. Kwa hiyo kabla ya siku yenyewe chukua glasi mtakayotumia, pima mililita 100 za maji kwa kikombe cha vipimo, mimina, ona yanaishia wapi. Waoneshe wahudumu hapo. Kwenye glasi nyembamba ndefu kiwango hicho kinapendeza, kwenye glasi pana ya mvinyo kitaonekana kama umebania. Glasi nyembamba itakuokolea hela kuliko punguzo lolote la dukani.

Kuhusu akiba: usiigawe sawa kwa sawa. Anayekunywa pombe anaweza kupokea juisi, lakini asiyekunywa hawezi kupokea mvinyo. Kwa hiyo akiba kubwa iwe upande usio na kilevi. Mimi ningechukua mvinyo 13 na zisizo na kilevi 16. Ni 29, zimezidi tano.

Nuru_ya_Asubuhi
Hiyo ya akiba sijawahi kuiwazia, lakini nimeiishi. Mume wangu aliacha pombe miaka sita iliyopita, na si kwa kupenda tu, ilifika pabaya. Kwenye harusi moja tukaambiwa "ile isiyo na kilevi imeisha, chukueni tu hii, ni kidogo". Akashika glasi ya maji. Hakusema kitu, ila nilimuona.

Nina swali pia. Dukani kuna hizi zilizoandikwa mvinyo usio na kilevi, zinafanana kabisa na shampeni, na kuna juisi ya zabibu yenye gesi. Ni kitu kimoja?

Mzee_wa_Kizibo
Si kitu kimoja, na kwa mumeo tofauti hiyo ina uzito.

Juisi ya zabibu yenye gesi haijawahi kuwa mvinyo. Zabibu zimekamuliwa, zikachemshwa kidogo kuua vijidudu, ikatiwa gesi. Mvinyo usio na kilevi umechachushwa kwanza ukawa mvinyo kamili, kisha kilevi kikaondolewa, mara nyingi kwa kuupasha kwenye mgandamizo mdogo ili kilevi kitoke bila kuuchemsha. Mabaki yanaruhusiwa kufika asilimia 0.5. Ukiona "0.0%" maana yake wamekwenda chini zaidi ya hapo.

Ustadhi_Mdogo
Naomba niingie hapo. Sisi wengine hata hiyo 0.0 hatuinywi, kwa sababu ilishakuwa mvinyo. Na hata kama mtu atabishana nami kuhusu kiwango, kuna suala la kuiga: chupa ya mvinyo, glasi ya mvinyo. Juisi nitapokea. Kwa hiyo dada, usiwaweke watu wako 60 kapu moja.

Nuru_ya_Asubuhi
Kwa mume wangu shida ni ladha. Daktari wake alimwambia akae mbali na kitu chochote chenye harufu ya kile alichokiacha. Kwa hiyo tunarudi kwenye juisi.

Chausiku_B
Mimi naleta upande mwingine. Nina mimba ya miezi saba na juisi ya zabibu siiwezi, ni tamu hadi meno yanauma, na kliniki wameniambia nipunguze sukari. Tusiokunywa si watoto wote jamani. Kwani hakuna kisicho na kilevi na kisicho sharubati?

Mzee_wa_Kizibo
Kipo, ila lazima ugeuze chupa usome nyuma. Juisi ina jedwali la virutubisho. Tafuta sukari kwa mililita 100, zidisha kwa kumi, unapata gramu kwa lita, kipimo kile kile cha mvinyo. Juisi ya zabibu yenye gesi mara nyingi inasoma gramu 14 hadi 16 kwa mililita 100, yaani kama 150 kwa lita. Ilinganishe na ile "Extra Dry" ambayo mama wa dada aliiona tamu: gramu 17 ndio mwisho wake. Glasi moja ya mililita 100 ya juisi ina gramu 15, karibu vijiko vinne vya chai vya sukari.

Mvinyo ulioondolewa kilevi uko katikati. Kilevi kikitoka, kinywaji kinakuwa chembamba mdomoni, kwa hiyo wengi wanarudisha sukari kukipa mwili. Ndiyo maana hata kama lebo inakuonesha zabibu za kifahari, soma jedwali.

Njia ya tatu, ambayo haina jina la kifahari: changanya juisi ya zabibu nyeupe na maji ya gesi, nusu kwa nusu, yote yakiwa baridi sana, moja kwa moja kwenye glasi. Sukari inashuka nusu, mapovu yanaongezeka, na chupa zako za juisi zinazaa mara mbili.

Kipepeo_88
Kuchanganya maji kwenye harusi? Hapana mzee, hapo umetuangusha. Mgeni akimuona mhudumu anatia maji kwenye juisi, picha itazunguka mitandaoni kabla keki haijakatwa.

Mzee_wa_Kizibo
Inafanyiwa nyuma jikoni, Kipepeo. Ila sibishi, macho ya wageni yana sheria zake.

Chausiku_B
Mimi ningeinywa hata wakitia mbele yangu.

Mpiga_Picha_Tu
Ombi kutoka upande wetu: kama ni juisi, chukueni nyeupe. Nyekundu kwenye gauni jeupe sihitaji kueleza. Na pia kwenye picha ya kugonga, glasi nyeupe zote zinaonekana sawa, hakuna anayejua nani anakunywa nini. Watu wengine wanapenda isijulikane.

Nuru_ya_Asubuhi
Wageni wasijue, lakini mhudumu ajue! Zikifanana kabisa ndipo mtu anapokea isiyo yake. Wekeni sinia tofauti, au fungeni utepe mdogo kwenye shina la glasi za juisi. Mume wangu hunusa kwanza, lakini mtoto hanusi.

Fundi_Hesabu
Kwa nini msimalize mzozo: juisi kwa wote 160? Chupa za aina moja, sinia moja, hakuna utepe, hakuna kosa. Na hela inapungua.

Kipepeo_88
Na bibi harusi asiyependa vitamu atagonga kwa juisi ya gramu 150? Kwenye harusi yake mwenyewe?

Fundi_Hesabu
Mpeni yeye chupa yake.

DadaWaBwanaHarusi
Hilo limegawa familia jana, msirudie hapa. Baba yuko upande wa juisi kwa wote, kaka hataki kusikia.

Nina swali la bei. Duka moja wana "Brut" ya Cava, Prosecco ya "Brut" (kumbe ipo!), na shampeni. Nikiichukua Prosecco kama bei moja, Cava ni karibu sawa nayo, shampeni ni mara nne. Wana pia chupa kubwa ya lita moja na nusu, ya Cava. Nilidhani kubwa itakuwa nafuu, lakini inazidi bei ya ndogo mbili.

Mzee_wa_Kizibo
Kawaida hiyo. Kioo ni kizito, zinatengenezwa chache, na watu wanazinunua kwa picha. Kinywaji ni kile kile. Tena mhudumu akiishika peke yake anamwaga.

Kuhusu mara nne: usipige bei kwa chupa, piga kwa glasi, kisha jiulize glasi ngapi zitarudi na kinywaji ndani. Mimi nimekusanya glasi hizo miaka yote. Nyingi zinarudi nusu, na zile za "Brut" zinarudi nyingi zaidi kama hotuba imekuja baada ya keki. Ulimi ukishapata sukari ya keki, mvinyo mkavu unageuka kuwa siki mdomoni. Hata shampeni ya mara nne itakunjiwa uso. Kwa hiyo gongeni glasi kabla ya keki. Kama ratiba haibadiliki na keki inatangulia, hapo "Demi-Sec" ndiyo inayokaa vizuri, na bibi harusi avumilie.

Mkipenda shampeni, nunueni mbili kwa meza ya maharusi na wazazi. Wageni wengine wanywe Cava au Prosecco ya "Brut". Halafu onjeni kabla, na chupa ziwe baridi ile ile. Mvinyo ukiwa wa moto kidogo unaonekana mtamu zaidi. Labda hata mama yako angeilalamikia kidogo ile "Extra Dry" kama ingekuwa na nyuzi 7.

DadaWaBwanaHarusi
Hee! Kweli, tuliifungua imekaa kwenye friji nusu saa tu.

Mzee_wa_Kizibo
Friji inataka saa tatu. Ndoo ya barafu iliyochanganywa na maji inataka nusu saa. Barafu tupu bila maji haishiki chupa vizuri, inaacha nafasi za hewa. Kwa chupa 29 tafuteni mabeseni makubwa na kilo moja ya barafu kwa chupa. Msiweke kwenye sehemu ya kugandisha mkazisahau, zinapasuka. Na chupa ya moto ukiifungua povu linakuruka, hapo umepoteza glasi moja na shati.

Baba_Pacha
Nilikuwa nafungua kwa kishindo, watu wanashangilia. Kizibo kiliwahi kuvunja taa ya ukumbi. Tulilipa.

Mzee_wa_Kizibo
Bora taa kuliko jicho. Elekeza chupa pembeni pasipo na mtu, shika kizibo kwa kidole gumba hata wakati unalegeza waya, kisha zungusha chupa, si kizibo. Kikitoka kwa pumzi tu, umebakiza mapovu ndani.

DadaWaBwanaHarusi
Narudi na majibu. Jana tumeonja watu saba, chupa zimefungwa kwa gazeti, zote zimelala kwenye barafu. Cava ya "Brut" imepata kura nne, akiwemo bibi harusi. Prosecco ya "Brut" mbili. Na mama, ambaye hakujua anakunywa nini, kaipa kura ile "Extra Dry" aliyoilalamikia wiki iliyopita! Nilimuonesha lebo, kasema gazeti lilibadilisha ladha.

Tumekubaliana Cava 13, juisi nyeupe 14, na chupa mbili za 0.0% kwa wale kama Chausiku. Nilisoma nyuma, ina gramu 4.5 kwa mililita 100, yaani 45 kwa lita. Bado ni tamu lakini si kama juisi. Mwenye duka kakubali kupokea zitakazobaki kama hazijafunguliwa na lebo hazijalowa.

Mzee_wa_Kizibo
Hapo kwenye lebo kuwa makini, zikikaa kwenye maji ya barafu lebo inabanduka. Zile za akiba usizilaze mapema. Ziache nne zikiwa kavu pembeni, beseni moja liwe tayari na barafu. Nusu saa kabla ya hotuba hesabu watu waliofika, uamue.

Fundi_Hesabu
Na wahudumu wangapi?

Mzee_wa_Kizibo
Wanne wakianza dakika kumi kabla, kila mmoja glasi arobaini. Wakianza nusu saa kabla, kinywaji kinapoteza mapovu na kupata joto mezani. Wawili wao washike sinia za juisi tu, wasiguse Cava.

DadaWaBwanaHarusi
Ukumbi wamenipa watatu. Na leo wameongeza kwamba wanatoza ada kwa kila chupa ya mvinyo tunayoingiza kutoka nje. Juisi hawajaitaja.

Kipepeo_88
Wape hiyo juisi kwa wote, baba atafurahi 😂

Mzee_wa_Kizibo
Dada, waulize kwa maandishi leo hii kama chupa za 0.0% wanazihesabu mvinyo. Kwa macho zinafanana, na mlangoni wanahesabu kwa macho.

DadaWaBwanaHarusi
Nimewaandikia. Nasubiri.